Pole na Safari, Baba: Namna ya Kumpokea Mnunuzi Mgeni Sokoni na Kumfanya Mteja wa Kudumu

Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ndipo dagaa wa Ziwa Victoria wanaposhushwa kutoka visiwani na kuanza safari ya mbali: Kigali, Bujumbura, Lubumbashi. Kama una kizimba chako pale, au katika soko jingine la namna ile, unawafahamu watu wanaopita mbele yako polepole, wanachota dagaa kiganjani, wananusa, wanarudisha, wanaendelea na safari yao. Hawaulizi bei. Wengi wao hutawaona tena. Mmoja kati yao anaweza kununua kwako kila mwezi kwa miaka.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kumpokea mtu huyo, na zaidi ya hapo, jinsi ya kuyatumia yale atakayokuambia ukimpokea vizuri. Nitaupitisha ndani ya hadithi fupi ya mama muuza dagaa na mnunuzi kutoka Kongo. Wahusika hao ni wa kubuni na bei nimeziweka kwa ajili ya hesabu tu. Kazi wanazozifanya ni za kweli, nawe unaweza kuzifanya kesho asubuhi.

Mgeni wetu ni mzee wa makamo, koti mkononi, mkoba kwapani. Tangu aingie getini anafuatwa na kelele. Vijana wanamwita bosi, wengine wanamwita Mkongo, mmoja amemshika mkono anamvuta kwenye rundo la dagaa. Mama yetu amekaa kwenye kigoda anachambua dagaa wake, anaondoa majani na vipande vya nyavu. Mgeni anapokaribia, mama anasimama, anajifuta mikono kwenye kitenge na kusema, “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Jambo.”

“Jambo, karibu. Pole na safari.”

“Aksanti. Safari ni ndefu kweli.”

“Mmetokea wapi, baba?”

“Lubumbashi.”

“Hee! Pole sana. Kwa hiyo mmepita Tunduma. Foleni ilikuwaje safari hii?”

Mgeni anaweka mkoba chini. Hajaulizwa swali hilo tangu afike. “Foleni ndiyo inaniua, mama. Mzigo wangu wa mwisho ulikaa njiani siku kumi na moja. Kufungua magunia, katikati kumeota ukungu.”

Hapo biashara imeanza, na bado hakuna aliyetaja shilingi. Angalia mama alichofanya. Amesimama, kwa sababu mtu anayemwamkia mkubwa wake hakai. Amefuta mikono, kwa sababu magamba ya dagaa hugandia na mgeni akitoa mkono wa salamu si vizuri kumpaka. Hakumwita kwa jina la nchi yake. Kisha, badala ya kurukia “karibu dagaa”, akampa pole ya safari. Pole ya safari ina faida moja kubwa kwa mfanyabiashara: anayepewa hujibu kwa kueleza barabara, na mnunuzi wa mbali akieleza barabara huwa ameeleza biashara yake yote. Ndani ya maneno machache mgeni amesema mzigo unakwenda wapi, unapita wapi, unakaa njiani muda gani na mwuzaji aliyepita alimwangusha wapi.

Kwa hiyo ukishauliza, nyamaza. Kosa ninaloliona zaidi masokoni ni la mwuzaji anayesalimu vizuri halafu hasubiri jibu. Mgeni anafungua mdomo kueleza habari za mpakani, mwuzaji tayari anamwonyesha gunia. Mwache amalize. Akitaja tatizo, uliza swali moja tu linalolifuata tatizo hilo. Mama aliuliza, “Ukungu ulikuwa juu ya gunia au katikati?” Mgeni akarudia kwamba ulikuwa katikati, juu dagaa walikuwa wazuri kabisa. Kwa anayejua dagaa, jibu hilo linatosha. Mzigo haukunyeshewa njiani, maana ungenyeshewa ungeharibika kuanzia nje. Ulifungwa ukiwa haujakauka, au ulifungwa ukiwa bado una moto wa jua, mvuke ukabaki ndani na kugeuka maji.

Kuna swali jingine la kuuliza mapema, na liulize kwa adabu: “Baba, umeongozana na mtu, au upo peke yako?” Hili linahusu dalali. Kama kuna dalali aliyemleta mgeni, ana haki yake, na ukimzunguka leo atakuharibia jina kesho kwa wageni wengine wote. Mwite, kubalianeni ujira wake mbele ya mgeni, kwa kilo au kwa gunia, na mwafikiane kama ujira huo ni wa mzigo huu tu au na mizigo ijayo. Ukiliacha likae gizani, dalali atapandisha bei upande mmoja na kuishusha upande wa pili, na nyinyi wawili mtadhani mmoja wenu ni mwongo. Mgeni wa hadithi yetu alikuwa peke yake, hivyo tuendelee.

Onyesha mali yako kabla ya kutaja bei

Mama alimpa mgeni kiti, akaagiza maji, kisha mgeni akauliza bei. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, mvua za masika zimeanza. Mama akamwambia, “Hawa unaowaona, baba, wameanikwa juzi mvua ikawakatisha. Kwa mtu wa Mwanza wanafaa, atawala wiki hii. Kwa Lubumbashi sikushauri.”

Najua wapo watakaosema mama alifukuza riziki. Mimi nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya siku hiyo, na lilitokana na salamu. Asingeuliza habari za safari, asingejua kwamba mzigo utakaa siku kumi na moja ndani ya gunia. Angeuza dagaa walewale kwa nia njema kabisa na wangeoza palepale walipooza wa mwanzo.

Baada ya kusema hivyo alimwonyesha mgeni kwa vitendo, nawe jifunze kufanya vitendo hivi mbele ya mteja, kwa sababu baada ya hapo atapima kwa macho yake mwenyewe kila mzigo unaompa. Alichukua dagaa mmoja wa siku ile akampinda. Akapindika kama uzi. Akafungua kiroba cha dagaa wa wiki iliyotangulia, waliokaushwa juani kwenye vichanja, akampinda mmoja, akakatika kwa sauti. Dagaa aliyekauka kwa safari hukatika.

Kisha akaomba glasi ya kioo, akajaza maji, akatia gao la dagaa wa mchangani waliokuwa kwa jirani, akakoroga na kuacha. Baada ya muda mchanga ulikuwa umetulia chini, unaonekana kwa macho. Akamwaga, akarudia kwa dagaa wake wa kichanja, na chini ya glasi hapakuwa na kitu. Mgeni aliinama akaitazama glasi ile ya kwanza kwa muda. Alikuwa amelipia mchanga ule kwa kilo, akaulipia usafiri mpaka Lubumbashi, na mteja wake wa kule akautafuna.

La mwisho ni mkono ndani ya gunia. Ingiza mkono mpaka kiwiko katikati ya gunia lililofungwa tangu jana. Ukikuta joto, dagaa hao bado wana maji na wameanza kuharibika, hata kama juu wanang'aa. Ukiwakuta baridi na wakavu, endelea. Angalia pia rangi na ladha. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha. Anayegeuka wekundu wa kutu, na ukimtafuna anaacha uchungu kooni, mafuta yake yameharibika, na hakuna jua litakalomrudisha. Huyo ni wa chakula cha kuku, na auzwe kwa jina hilo.

Mgeni aliuliza, “Sasa wazuri nitawapata lini?” Mama akamjibu kwa kalenda ya mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa: samaki hufuata mwanga wa taa, na wavu huwazoa pale penye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Siku hizo dagaa hupungua sokoni na bei hupanda. Mnunuzi anayetoka mbali mara nyingi halijui hili. Hufika siku za mwezi mkubwa, hukuta bei juu, huondoka akiamini amepandishiwa kwa kuwa ni mgeni. Mweleze. Mwambie aagize giza likiwa linaanza, ili mzigo ukusanywe, ukauke na kufungwa kabla mwezi haujajaa.

Mzigo wa kwanza uwe mdogo

Mgeni alitaka magunia ishirini wiki ileile. Mama akakataa kwa heshima, akaomba wajaribu mawili. Magunia mawili yangeweza kuchambuliwa na kukaushwa vizuri hata katika vipindi vya jua la masika, na yangepanda lori la mtu mwingine anayekwenda njia hiyo. Yakiharibika, hasara ingekuwa ndogo. Yakifika vizuri, mgeni angekuwa na kitu cha kuwaonyesha wateja wake.

Mama alikuwa na mwanikaji anayemwamini, mwanamke mwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Kichanja hupitisha hewa chini na juu, dagaa hukauka pande zote na hawagusi mchanga. Mvua ikija hufunikwa kwa turubai kwa dakika chache. Jua likiwa kali siku moja hutosha. Wakati wa masika inaweza kuchukua zaidi, na kama dagaa wamekaa siku mbili bila jua wameshaanza kunuka, usiwaingize kwenye mzigo wa safari kwa kutumaini kwamba jua la siku ya tatu litaficha.

Jambo dogo linaloharibu mizigo mingi ni haraka ya kufunga. Dagaa wakitolewa juani saa nane mchana wana moto. Ukiwasindilia kwenye salfeti palepale, moto ule unatoka kama jasho na kurudi kwa dagaa. Waache kivulini mpaka wapoe kabisa ndipo ufunge. Kwenye lori, magunia yawekwe juu ya mbao, yasilale kwenye bati, na turubai liachiwe nafasi ya hewa wakati mvua hainyeshi. Hayo mwambie dereva mwenyewe, usimwachie mpakiaji.

Kabla magunia hayajapanda lori, mama alifanya jambo ambalo ningependa kila mwuzaji wa Mwaloni alifanye. Alichota dagaa kutoka katikati ya gunia, akajaza mifuko miwili midogo ya nailoni, akaifunga, akabandika karatasi yenye tarehe. Yeye na mgeni wakaweka sahihi juu ya mafungio ya mifuko yote miwili. Mmoja alichukua mgeni, mwingine ulibaki kwa mama. Hiyo ni sampuli ya makubaliano. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inautambua uuzaji wa sampuli: mzigo unatakiwa ulingane na sampuli kwa ubora. Lakini hata bila kufika mahakamani, mifuko ile miwili humaliza mabishano mengi ya simu. Mtu anasema dagaa hawakuwa hivi. Mnafungua mifuko, mnapiga picha, mnatazama.

Magunia mawili yalifika salama. Mgeni akapiga simu. Mama aliipokea kwa “Shikamoo, baba, habari za nyumbani?” kabla ya kuuliza mzigo, na mgeni akaanza na habari za mkewe aliyekuwa mgonjwa. Mama aliandika habari hiyo kwenye daftari lake la wateja, chini ya jina lake, pamoja na kilo na tarehe. Simu iliyofuata aliuliza kwanza hali ya mgonjwa. Ukiwa na wateja wa mbali kadhaa, fanya hivyo. Kichwa hakiwezi kushika yote, na mtu anayeuliziwa mgonjwa wake kwa kweli hukueleza mapema kama mauzo yake yamelegea, badala ya kukukimbia.

Kilo zinapopungua njiani

Hapa ndipo ushirika mwingi hufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Juni, mvua zikiwa zimekwisha, mgeni aliagiza magunia ishirini. Kila moja lilipimwa kilo 40, jumla kilo 800, kwa bei ya mfano ya shilingi 6,000 kwa kilo. Lubumbashi mgeni akapima, akapata kilo 727. Kilo 73 hazipo, na kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi 430,000. Akapiga simu akiwa na hasira, na safari hii hakusalimu.

Hakuna aliyeiba. Dagaa wale walifungwa wakiwa na maji kiasi cha asilimia 20, na njiani, kwenye upepo na jua, walikauka mpaka asilimia 12. Piga hesabu: katika kilo 800 zenye asilimia 20 ya maji, dagaa mkavu mtupu ni kilo 640. Maji yakishuka mpaka asilimia 12, kilo hizo 640 zinakuwa asilimia 88 ya mzigo, na mzigo mzima unakuwa kilo 727. Kilo 73 zilizopotea ni maji yaliyopaa hewani.

Mama angeweza kuishia hapo na kusema mimi nilipima vizuri. Ni kweli alipima vizuri, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, mgeni akiona kwa simu ya video. Lakini aliyelipa shilingi 6,000 kwa kilo 73 za maji ni mgeni. Tena dagaa wenye asilimia 20 ya maji ni hatari, kwa sababu ukungu hupata shida kuota samaki anaposhuka chini ya asilimia 15 hivi. Mzigo ule ulinusurika kwa kuwa ilikuwa Juni na foleni ilikuwa fupi. Mama akajua kwamba mwanikaji alikuwa ameanza kuharakisha kwa vile mzigo ulikuwa mkubwa. Vichanja vya kukausha magunia mawili haviwezi kukausha ishirini kwa siku zilezile.

Walichokubaliana ndicho ninachokushauri nawe. Dagaa wakaushwe mpaka wakatike, na bei ya kilo ipande kufidia uzito unaopotea kwa mwuzaji. Hesabu yake ni rahisi: kama kilo 800 zilikuwa zinaingiza shilingi 4,800,000, na mzigo uleule ukikauka vizuri unakuwa kilo 727, basi bei iliyo sawa ni kama shilingi 6,600 kwa kilo. Mwuzaji hapungukiwi, mnunuzi halipii maji wala hasafirishi maji, na mzigo unavumilia foleni. Mnunuzi asiyeelezwa hesabu hii ataona 6,600 ni ghali akakimbilia 6,000 ya jirani. Ieleze kwa karatasi na kalamu.

Wakaongeza na sharti la upungufu. Uzito unaohesabika ni wa Mwanza, wakati wa kupakia. Upungufu wa mpaka kilo mbili kwa kila mia ni wa mnunuzi, kwani dagaa hata aliyekauka hupunguza kidogo na vumbi hudondoka. Ukizidi hapo, mnunuzi atume picha ya mizani na ya gunia ndani ya siku mbili tangu mzigo ufike, nao wazungumze. Kiwango hicho ni chao. Nanyi pimeni mizigo yenu miwili mitatu mjue chenu. Muda wa kulalamika ni lazima uwepo, maana anayelalamika baada ya mwezi huwezi kujua dagaa walikaa ghala gani.

Kuandikiana na kulipana

Baada ya mzigo wa tatu waliandika makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wakasaini mbele ya mashahidi wawili. Yalitaja aina ya dagaa, kwamba ni wa kichanja na si wa mchangani. Uzito wa gunia, kilo 40 na si lumbesa. Siku ya kupanga bei, ambayo ni siku ya kuagiza. Nani analipia makuli na ushuru wa soko. Na ule utaratibu wa malalamiko. Yalitaja pia nani anashughulikia vibali. Hili usilipite kimya. Mazao ya uvuvi hayatoki nchini kiholela. Yapo chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na anayesafirisha anahitaji leseni na nyaraka za ukaguzi wa afya ya mazao. Mama hakuwa msafirishaji. Aliuza Mwaloni, na mgeni alimtumia wakala mwenye leseni. Kama huna leseni hiyo, usikubali jina lako liandikwe kwenye nyaraka za mpakani ili kumsaidia mteja, hata awe mpole namna gani.

Bei itajwe kwa shilingi. Wageni wengi huja na dola, na zamani ilikuwa kawaida kuhesabiana kwa dola palepale kizimbani. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mpeleke mgeni akabadilishe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, na umsindikize kama hajui mji. Ni heshima, na pia ni usalama wake.

Kuhusu kutanguliza fedha, mama na mgeni walianza na malipo yote kabla ya kupakia, kisha wakahamia nusu wakati wa kuagiza na nusu lori likiwa limepakiwa. Mgeni baadaye aliomba mali kauli: apelekewe mzigo mzima, auze, ndipo alipe. Alikuwa ameshakuwa kama ndugu, na ombi la ndugu ni gumu. Mama alimjibu, “Baba, mtaji huu si wangu peke yangu, kuna fedha ya mwanikaji na ya mvuvi humo. Nikikwama mimi, na wewe mzigo wa mwezi ujao hutaupata.” Kisha akampa alichokiweza, magunia mawili kati ya ishirini yalipwe baada ya kuuzwa. Magunia mawili yakipotea, kizimba kinasimama. Ishirini yakipotea, kimefungwa. Pima kiasi chako kwa namna hiyo, usipime kwa ukubwa wa undugu.

Kuna mwezi mmoja mama alikosea. Oda ilifika mwezi ukiwa mkubwa, akaona aibu kusema hana, akajazia magunia matatu kutoka kwa mchuuzi asiyemjua. Hayo matatu yaliota ukungu. Mgeni alituma picha siku ileile mzigo ulipofika. Mama alifungua mfuko wake wa sampuli, akalinganisha, akaona tofauti, akakiri kwa simu na kukata gharama ya magunia matatu kwenye mzigo uliofuata, pamoja na nauli yake. Ilimuuma. Tangu hapo, ikifika siku za mwezi mkubwa, hutuma ujumbe mapema: safari hii nina magunia kumi na mbili tu, yaliyobaki giza likirudi. Mgeni huwaandaa wateja wake, na hupokea kumi na mbili bila manung'uniko.

Sasa mgeni haji tena Mwanza kila mzigo. Huja mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya mvua za vuli, kufunga hesabu. Wanakaa pale kizimbani na madaftari mawili, lake na la mama, wanasoma mzigo kwa mzigo: kilo zilizopakiwa, kilo zilizopokelewa, fedha iliyotangulizwa, iliyobaki. Palipo na tofauti wanatafuta risiti. Hilo likiisha wanapanga bei ya kuanzia na idadi ya magunia ambayo vichanja vinaweza kukausha katika miezi ya mvua, ambayo mwaka huu wameiweka nane kwa mwezi. Ukipata mnunuzi wa namna hii, fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmeonana uso kwa uso, kabla ya mvua ya kwanza, wakati bado hakuna mzigo wenye matatizo njiani.